Itrakonazoli kuonekana kidogo kwenye damu: kapsuli, dawa ya maji na soda ya kola

*Swali: Baba yangu ana miaka 63. Alimaliza dawa za kifua kikuu miezi 9 iliyopita, na sasa ana fangasi kwenye mapafu. Anatumia itrakonazoli, kapsuli 2 za miligramu 100 asubuhi na 2 usiku, hii ni wiki ya tano. Asubuhi saa 12, kabla ya kula, humeza kwa pamoja itrakonazoli, omeprazoli ya 20 na amlodipini ya 10. Usiku humeza itrakonazoli na simvastatini ya 40. Kipimo cha damu kimetoka 0.2 na daktari anafikiria kumbadilishia ampe ya maji. Je, dawa ni mbovu? Akinywea soda si inatosha? Na hiyo ya maji nayo anywe akishakula?*

Naanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo la haraka kuliko yote. Simvastatini na itrakonazoli hazipaswi kutumiwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mpigie daktari leo, kabla ya dozi ya usiku, umweleze waziwazi kwamba mzee anameza zote mbili. Usipompata, heri simvastatini ya usiku wa leo isimezwe, kisha umtafute daktari kesho asubuhi, kwa maana kukosa dawa ya kolesteroli kwa siku chache kwa kawaida hakumdhuru mtu, ilhali kuzitumia pamoja kunaweza kuyaharibu misuli na, kupitia misuli hiyo, figo. Simvastatini huvunjwavunjwa na kimeng'enya cha ini na utumbo kiitwacho CYP3A4, na itrakonazoli hukizuia kimeng'enya hicho kwa nguvu kiasi kwamba simvastatini iliyomo kwenye damu inaweza kupanda zaidi ya mara 10. Mwulize mzee leo hii kama ana maumivu au ulegevu wa misuli asiouelewa, hasa mapajani na mabegani, na kama mkojo wake umekuwa wa kahawia iliyokolea. Akisema ndiyo kwa lolote kati ya hayo, apelekwe hospitali bila kusubiri.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu linafungamana moja kwa moja na kipimo chenu. Huenda kilichomkinga mzee kwa wiki hizi tano ni kule kule kufyonzwa vibaya kwa itrakonazoli kunakowasumbua. Siku mtakapofaulu kuiingiza dawa hii mwilini ipasavyo, iwe kwa chakula, kwa soda au kwa kuhamia dawa ya maji, ndiyo siku nguvu yake ya kuzuia kimeng'enya itakapojitokeza kwa ukamilifu. Kwa hiyo mambo mawili ambayo watu huyaona kuwa ni tofauti, yaani namna ya kuimeza na dawa zinazogongana nayo, kwa itrakonazoli ni jambo moja, na orodha ya dawa nyingine husafishwa kwanza ndipo ufyonzwaji urekebishwe.

Sasa nije kwenye namba yenyewe. Nachukulia kwamba 0.2 ni mikrogramu kwa mililita, ambayo ni sawa na miligramu kwa lita. Kwa kutibu fangasi waliokwisha kuingia ndani ya mwili, madaktari wengi hutaka kiwango cha kabla ya dozi kisipungue 0.5, na wengi hupendelea kifike 1 au kupita, huku wakikwepa kuvuka 4 hivi kwa sababu madhara huongezeka. Namba hizo ni za maabara inayopima kwa kromatografia, njia inayotenganisha itrakonazoli na zao lake liitwalo hidroksi-itrakonazoli, ambalo nalo huua fangasi. Zipo maabara zinazopima kwa kuangalia jinsi damu inavyozuia fangasi kuota, na hizo huhesabu vyote viwili pamoja, hivyo majibu yake hutoka makubwa mara kadhaa na hayalinganishwi na namba nilizotaja. Ulizeni maabara yenu inatumia njia gani. Kwa njia yoyote ile, 0.2 katika wiki ya tano ni kidogo mno. Haiwezi kuelezwa kwa kusema kwamba dawa bado inajijenga, kwa kuwa itrakonazoli hufikia kiwango chake cha kudumu baada ya wiki 2 hivi za kumezwa kila siku.

Je, dawa ni mbovu? Inawezekana, lakini kwa jinsi ulivyoeleza siku ya mzee ilivyo, sihitaji kuishuku kwanza. Itrakonazoli ni dawa inayopenda mafuta na kuyakataa maji. Katika maji ya kawaida karibu haiyeyuki kabisa. Ni besi dhaifu, na maana yake ni kwamba ikikutana na asidi kali hujishikiza na chembe za asidi hiyo, hupata chaji, na hapo ndipo huyeyuka. Kizingiti chake ni pH ya karibu 3.7, na pH ni kipimo cha asidi ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi kuwa kali. Tumbo lenye afya, likiwa halina chakula, huwa na pH ya 1 hadi 2, chini kabisa ya kizingiti hicho. Omeprazoli hufunga pampu zinazotoa asidi, na kwa sehemu kubwa ya siku huweza kuipandisha pH ya tumbo hadi 4 na zaidi. Kwa kapsuli ya itrakonazoli tofauti hiyo ni kama ya kuyeyuka na kutoyeyuka. Watu wazima wenye afya walipopewa omeprazoli ya miligramu 40 kwa siku pamoja na kapsuli, jumla ya dawa iliyofika kwenye damu ilipungua kwa takribani theluthi mbili. Mzee anameza miligramu 20, si 40, lakini anaimeza kila siku, na kukandamizwa kwa asidi hakuishi saa chache baada ya kidonge: hudumu hadi dozi ya kesho yake. Ndiyo maana kuzitenganisha kwa saa mbili tatu, jambo ambalo watu wengi hulijaribu, hakusaidii.

Kosa la pili ni kumeza kapsuli kabla ya kula. Ukiifungua kapsuli ya kawaida utaona punje ndogo za mviringo. Kila punje ni kiini cha sukari kilichopakwa itrakonazoli iliyochanganywa na gundi laini, na dawa humong'onyoka kutoka juu ya punje polepole. Chakula kamili huzizuia punje hizo tumboni kwa muda mrefu zaidi, huliamsha tumbo litoe asidi, na mafuta yake huita nyongo, ambayo husaidia dawa inayopenda mafuta isigande tena inapoingia kwenye utumbo mwembamba. Kapsuli ikimezwa kwa maji matupu juu ya tumbo lisilo na chakula, punje hupita haraka kabla kazi haijaisha. Mzee basi amekuwa akikosa asidi na chakula kwa pamoja kila asubuhi, na huenda hata usiku, kwa kuwa hukusema kama dozi ya usiku huandamana na mlo. Ulizia hilo. Neno "baada ya kula" wagonjwa wengi hulielewa kuwa ni saa moja au mbili baadaye, ilhali kapsuli hizi zinapaswa kumezwa katikati ya mlo au mara tu mtu anapomaliza, na mlo uwe mlo, si kipande cha mkate na chai.

Lipo jambo moja la ubora ambalo ni la kweli na ambalo lingenifanya niikague dawa yenyewe. Kazi yote ya kapsuli hizi imo katika namna punje zilivyotengenezwa, kwa hiyo bidhaa mbili zenye miligramu 100 zilezile zinaweza kutofautiana katika kuingia mwilini endapo moja imetengenezwa ovyo. Kapsuli ikiwa na unga mtupu badala ya punje, kwa mfano iliyojazwa kwa mkono kutoka kwenye unga ghafi, usiitumaini hata kidogo, kwani unga huo uko katika umbo la fuwele na hauyeyuki. Fungua kapsuli moja juu ya karatasi nyeupe uangalie. Nasema moja ya kuangalia tu. Za kunywa zimezwe nzima, zisifunguliwe wala zisisagwe. Ipo pia aina ya kapsuli ya miligramu 65 iliyotengenezwa kwa njia tofauti, ambayo hufyonzwa vizuri zaidi na haipunguzwi na omeprazoli. Hiyo ya 65 hukusudiwa kuchukua nafasi ya ile ya 100, kwa hiyo mtu asijaribu kujaza pengo la miligramu 35 kwa kuongeza kapsuli. Ikiwa daktari atawapa hiyo, fuateni karatasi yake yenyewe, si maelezo yangu ya kapsuli za kawaida.

Kuhusu soda, jibu langu ni kwamba husaidia kweli, lakini ni soda ya aina moja na kwa hali maalumu. Inayosaidia ni kola ya kawaida yenye sukari, ambayo pH yake ni karibu 2.5 kwa sababu ya asidi ya fosfori iliyomo. Mtu asiye na asidi tumboni akimeza kapsuli kwa kola ya kiasi cha kopo moja, karibu mililita 330, huazima asidi hiyo kwa muda ambao punje zinayeyuka, na kiwango cha dawa kwenye damu hupanda. Kola isiyo na sukari siishauri mahali pake: asidi yake huwa pungufu kidogo, na maelekezo ya dawa hutaja ile ya kawaida. Soda nyingine zenye ladha ya matunda nazo hazina nguvu hiyo ya uhakika. Maji ya machungwa ndiyo huwadanganya watu zaidi, kwa kuwa mdomoni huonekana makali, lakini pH yake huwa kati ya 3.5 na 4, yaani palepale kwenye kizingiti cha dawa. Maji ya balungi yana shida ya ziada, kwa sababu yenyewe huingilia kimeng'enya kilekile cha utumbo ninachokizungumzia. Maziwa hayafai kwa kazi hii.

Pamoja na hayo, kwa mzee sioni kola kuwa jibu la kudumu. Tiba ya fangasi sugu wa mapafu huchukua angalau miezi 6, na dozi ni mbili kwa siku. Makopo mawili kila siku yana sukari ya karibu gramu 70, asidi yake hula meno, na mtu aliyepewa omeprazoli kwa ajili ya kiungulia atakuwa anamwagia moto juu ya kidonda. Kola naitumia kama daraja: siku chache wakati omeprazoli inaachwa, au wiki ambayo dawa ya maji bado haijapatikana. Na kola haiondoi haja ya chakula, bali hunywewa pamoja na kapsuli wakati wa mlo.

Njia rahisi kuliko zote ni kuuliza kama omeprazoli bado inahitajika. Ikiwa alipewa kwa kiungulia cha kawaida na sasa hana shida, daktari anaweza kuisimamisha, na asidi hurejea ndani ya siku 3 hadi 5 hivi. Siku hizo za mwanzo kiungulia chaweza kurudi kwa nguvu kwa muda, kwa sababu tumbo lililobanwa muda mrefu hutoa asidi kwa wingi linapoachiliwa. Dawa ya kutafuna ya kutuliza asidi yaweza kumsaidia, mradi iwe mbali na kapsuli kwa saa 2 kabla na saa 2 baada. Lakini kama omeprazoli aliandikiwa kwa sababu ya kidonda kilichovuja damu, au kwa sababu anameza aspirini au dawa nyingine inayoumiza utando wa tumbo, isiguswe bila daktari. Hapo ndipo dawa ya maji inapokuwa chaguo la busara, na nadhani daktari wenu amewaza vizuri.

Katika dawa ya maji, itrakonazoli imekwisha kuyeyushwa kabla haijafika mdomoni. Kinachoiyeyusha ni aina ya sukari iliyojiviringisha kama pete, iitwayo saiklodekstrini, ambayo nje yake hupenda maji na ndani yake huificha molekuli ya dawa. Kwa kuwa kazi ya kuyeyusha imeshafanyika chupani, asidi ya tumbo haihitajiki, na omeprazoli haiizuii kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Na hapa ndipo penye kigeugeu kinachowachanganya hata watoa huduma: kanuni ya chakula hugeuka kinyume. Dawa ya maji hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni hapana, asinywe akishakula. Anywe angalau saa 1 kabla ya kula, au saa 2 baada ya kula. Kwake yeye ile saa 12 asubuhi iliyokuwa mbaya kwa kapsuli itakuwa nzuri kwa dawa ya maji, akila saa 1 au baadaye kidogo, na ya jioni inaweza kuwa saa 12 vilevile kabla ya mlo wa usiku. Kola haihitajiki tena.

Dawa hiyo kwa kawaida ina miligramu 10 katika kila mililita 1, kwa hiyo miligramu 200 ni mililita 20. Atumie kikombe au sirinji yenye alama, kwa sababu kijiko cha nyumbani hukosea sana. Kwa dozi mbili kwa siku atatumia mililita 40, na chupa ya mililita 150 haitamaliza siku 4. Nawaambieni hili mapema kwa sababu watu hununua chupa moja wakidhani ni ya mwezi, kisha hukaa siku kadhaa bila dawa, na kipimo kinachofuata hushuka tena bila mtu kujua kwa nini. Saiklodekstrini yenyewe haifyonzwi. Hubaki utumboni na kuvuta maji, hivyo kuharisha, kichefuchefu na tumbo kujaa ni mambo ya kawaida, hasa siku za mwanzo. Wengine huzoea. Asiyezoea na akawa anaharisha mara nyingi kwa siku asijikaze kimya, kwa sababu madini ya potasiamu hupotea kwa njia hiyo na, kama nitakavyoeleza, itrakonazoli yenyewe yaweza kuyashusha.

Kapsuli na dawa ya maji hazibadilishwi kiholela, moja leo na nyingine kesho kwa kuangalia ipi imepatikana. Hata kapsuli ikimezwa sawasawa pamoja na chakula, dawa ya maji inayonywewa tumbo likiwa tupu huingiza mwilini karibu theluthi moja zaidi. Kwa mzee ambaye kapsuli zake zilikuwa zikipita bure, mruko utakuwa mkubwa kuliko huo, na ndiyo maana nimesisitiza orodha ya dawa.

Tuipitie orodha hiyo basi. Simvastatini nimeshaisema. Daktari akiona kolesteroli inahitaji kutibiwa katika miezi hii, zipo dawa za jamii hiyohiyo ambazo hazitegemei sana CYP3A4, kama rosuvastatini na pravastatini. Atovastatini hutegemea kimeng'enya hicho pia, ingawa si kwa kiasi cha simvastatini, kwa hiyo haifai kuichagua kwa mazoea tu. Naongeza kwamba miligramu 40 za simvastatini zilikuwa nyingi kwa mtu anayemeza amlodipini hata kabla ya itrakonazoli kuingia, kwani kikomo kinachoshauriwa kwa dawa hizo mbili pamoja ni 20.

Amlodipini yenyewe hupanda kwenye damu itrakonazoli inapofanya kazi, na mzee tayari yuko kwenye dozi ya juu. Kinachoonekana ni miguu kuvimba vifundoni, kizunguzungu anaposimama, na presha kushuka. Hili linahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu itrakonazoli peke yake inaweza kudhoofisha msukumo wa moyo, na dalili ya kwanza ya moyo kushindwa pia huwa ni miguu kuvimba. Namna ya kutofautisha nyumbani si kamili, lakini ipo: uvimbe wa amlodipini kwa kawaida hukaa vifundoni na mtu hulala kama kawaida, ilhali wa moyo huja na uzito kuongezeka haraka, pumzi kukatika anapolala chali, na uchovu mpya. Mpimeni uzito na presha kabla ya kuanza dawa ya maji, kisha kila baada ya siku mbili tatu katika mwezi wa kwanza, muandike. Kama amewahi kuambiwa moyo wake ni dhaifu, daktari aambiwe kabla ya chupa kufunguliwa. Presha ikipanda badala ya kushuka, huku miguu ikivimba na potasiamu ikiwa chini, hiyo ni picha nyingine inayojulikana ya itrakonazoli iliyozidi mwilini, na kuongeza dawa ya presha hakutakuwa jibu. Kipimo cha damu ndicho kitakachosema.

Kifua kikuu kinahitaji neno lake. Rifampisini hufanya kinyume cha itrakonazoli: huliamsha ini litengeneze CYP3A4 kwa wingi, na itrakonazoli huvunjwa kwa kasi kiasi cha kutopimika kwenye damu. Athari hiyo huisha wiki 2 hivi baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo miezi 9 imeiondoa kabisa katika maelezo ya hii 0.2. Lakini wagonjwa wengi wa fangasi wa mapafu wana makovu ya kifua kikuu, na wengine huanzishiwa tena rifampisini kikohozi kinaporudi. Ikitokea hivyo, msidhani dawa ya maji au soda itaokoa hali, kwa sababu shida hapo haiko tumboni bali kwenye ini, na hata dozi ikiongezwa maradufu haifui dafu. Baadhi ya dawa za kifafa, yaani fenitoini, kabamazepini na fenobabitali, pamoja na dawa za VVU efavirenzi na nevirapini, hufanya vivyo hivyo kwa viwango tofauti.

Kwa kuwa ni mgonjwa wa mapafu, nauliza pia kama anavuta dawa yoyote kwa pampu. Pampu zenye flutikasoni au budesonidi watu hawazihesabu kuwa dawa, kwa hiyo hawazitaji wanapoulizwa. Zikikutana na itrakonazoli, steroidi hiyo ndogo ya kuvuta hujilimbikiza mwilini, uso huvimba na kuwa wa mviringo, na tezi za adrenali hulala. Pampu ya aina hiyo isisimamishwe ghafla; daktari abadilishe kwa mpango. Wafarini, digoksini na baadhi ya vidonge vya kisukari ni vingine vinavyohitaji kupimwa au kupunguzwa. Kwa dawa yoyote mpya, hata ya usingizi au ya kipandauso, muuzaji aambiwe kwanza kwamba mgonjwa yuko kwenye itrakonazoli.

Mpango ninaoupendekeza mkauzungumze na daktari ni huu. Simvastatini isimame. Dozi ya amlodipini ijadiliwe. Damu ichukuliwe kwa ajili ya ini, figo na potasiamu kabla ya kubadilisha. Wakati dawa ya maji ikisubiriwa, kapsuli zisiachwe, bali zimezwe katikati ya mlo mkubwa asubuhi na jioni, kwa kola ya kawaida ikiwa omeprazoli inaendelea na hana kisukari. Dawa ya maji ikianza, kapsuli ziishe siku hiyohiyo. Baada ya wiki 2 kamili bila kukosa dozi, damu ichukuliwe asubuhi kabla ya dozi, na kwenye fomu iandikwe kwamba ni dawa ya maji, mililita ngapi, na dozi ya mwisho ilinywewa saa ngapi.

Jibu likirudi, kwa mfano, 1.4, dozi ibaki na kipimo kirudiwe tu dawa nyingine ikibadilika au kuharisha kukizidi. Likirudi zaidi ya 4, dozi hupunguzwa hata kama mzee anajisikia vizuri, kwani madhara ya moyo na ini hayapigi hodi mapema. Likirudi tena 0.2 au 0.3, sitailaumu asidi tena, kwa sababu dawa ya maji haiihitaji. Hapo nitauliza maswali mawili tu: je, mililita 20 zinamezwa kweli mara mbili kwa siku, na je, kuna dawa inayoliamsha ini ambayo hatujaambiwa? Majibu yote mawili yakiwa safi, daktari atahamia dawa nyingine ya jamii hiyo, kama vorikonazoli au posakonazoli.

Macho au mkojo ukigeuka rangi ya manjano iliyokolea, hamu ya kula ikikatika kabisa, au vidole vya miguu vikianza kufa ganzi, mzee aonwe na daktari siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki. Na itrakonazoli ikisimamishwa siku yoyote, simvastatini isirudishwe kesho yake: dawa hii hutoka mwilini polepole, kwa siku 7 hadi 14, na uzuiaji wake wa kimeng'enya hutoka pamoja nayo.